Jina la mama litabeba maduka ya miji mingine?

Shangazi, shikamoo.

Mama yangu alianza kufua nguo za watu akiwa na mabeseni mawili. Leo tuna mashine, tuna wafanyakazi, na kila mtu wa hapa anaita duka letu kwa jina lake. Kwenye kibao tumeandika jina hilo, kisha "Dobi wa Kona", maana tuko konani. Siku hizi mimi na kaka yangu ndio tunaoendesha. Watu wawili wa miji mingine wametufuata wakitaka kufungua maduka kama letu: watulipe ada ya kuanzia na asilimia ya mapato kila mwezi, sisi tuwafundishe kazi na kuwapa jina.

Tumekwama kwenye jina. Kaka anataka "Dobi Safi", kwa sababu halihitaji maelezo. Ameshalisajili kama jina la biashara, na cheti anacho, kwa hiyo anasema ni letu tayari. Mimi nimebuni "Takasi", kutokana na kutakasa. Kaka anasema halina maana, na mmoja wa wale wawili anasema wateja wa kwao hawatajua tunauza nini. Yule wa pili analitaka jina la mama hivyohivyo lilivyo, aongeze jina la mji wake mwishoni na asajili kampuni kwa jina hilo. Ana haraka, anataka kuchora kibao wiki ijayo.

Mama hasemi kitu. Ila niliposema labda jina lake libaki kwenye duka hili tu, alinyamaza mpaka usiku.

Naogopa kumuumiza mama, naogopa kukosana na kaka, na naogopa zaidi kuchagua jina ambalo tutalazimika kulibandua tukiwa na maduka kumi. Nianzie wapi?

Binti wa Dobi

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na cheti cha kaka yako, kwa sababu kinaweza kuwapa utulivu ambao hampaswi kuwa nao bado. Katika nchi nyingi, cheti cha jina la biashara kazi yake ni kuijulisha serikali ni nani anayefanya biashara kwa jina fulani. Hakimpi mwenye nacho uwezo wa kumzuia mwingine asitumie jina linalofanana na lake. Uwezo huo hasa unatoka kwenye usajili wa alama ya biashara, ambao ni ombi jingine, kwa kawaida lenye ada yake na uchunguzi wake, na hulinda jina ndani ya nchi liliposajiliwa, kwa aina ya kazi iliyotajwa kwenye ombi.

Kwa duka moja tofauti hiyo mtu anaweza asiione maisha yake yote. Kwenu ninyi ndiyo biashara yenyewe. Hebu fikiria yule anayetaka kukodi jina atakuwa analipa kila mwezi kwa ajili ya nini. Mashine atanunua mwenyewe. Ufundi mtamfundisha, na baada ya mwaka mmoja atakuwa anaujua kama ninyi. Kitakachomfanya aendelee kulipa ni kwamba jina hilo hawezi kulitumia bila ninyi, na jirani yake hawezi kulitumia kabisa. Jina lisiloweza kuzuiliwa halina cha kukodishwa.

Sasa litazame "Dobi Safi" kwa jicho la msajili wa alama. Swali lake la kwanza litakuwa kama madobi wengine wanayahitaji maneno haya kueleza kazi yao, na jibu ni kwamba wanayahitaji kila siku. Ombi la namna hiyo mara nyingi hukataliwa, au hukubaliwa kwa ajili ya mchoro wa nembo tu, huku maneno yenyewe yakiachwa huru kwa watu wote. Hapo mtu akifungua "Dobi Safi Zaidi" mkabala na tawi lenu, mwenye tawi atawapigia simu ninyi akiuliza analipia nini, na hamtakuwa na la kumjibu. Kuna majina ya namna hii ambayo hatimaye yalilindwa baada ya kutumika kwa miaka mingi mpaka umma ukayahusisha na biashara moja tu, lakini hilo huthibitishwa kwa ushahidi wa mauzo na matangazo, na ninyi ndio kwanza mnaanza.

Hata hivyo kaka yako ana hoja, usiipuuze mkiwa mezani. Jina linaloeleza kazi humwingiza mteja dukani siku ya kwanza bila kumwambia lolote. Ndilo hilohilo alilolisema mwenzenu kuhusu "Takasi". Ila nyote watatu mmechukulia kwamba neno moja lazima lifanye kazi mbili, yaani kutofautisha na kueleza. Si lazima. Kibao kina nafasi ya mistari miwili: neno lenu la pekee kwa herufi kubwa, na chini yake "Dobi" kwa herufi za kawaida. Neno la juu ndilo mnaloombea usajili. La chini linamweleza mpita njia, na hamna haja ya kulimiliki.

Sasa nije kwenye "Takasi" yako. Naona ulikolitoa, na kwa upande wa usajili liko mahali pazuri kuliko "Dobi Safi", kwa sababu linagusia kazi bila kuitaja waziwazi. Msajili anaweza bado kusema liko karibu mno na kutakasa, kwa hiyo usilihesabu kuwa limepita. Wasiwasi wangu mkubwa uko kwenye sikio. Litamke haraka, kwenye simu, kukiwa na kelele za barabarani: "Niko Takasi." Mtu wa upande wa pili anaweza kusikia "niko teksi". Mwaka 1965 watu wawili waliungana kufungua duka la sandwichi huko Bridgeport, Connecticut, Marekani, wakaliita Pete's Super Submarines. Lilipotangazwa redioni watu walisikia kama Pizza Marines, wakadhani linauza piza. Jina likafupishwa, na leo linajulikana duniani kote kama Subway. Jina la kwanza lilisomeka vizuri kabisa kwenye kibao. Liliharibika liliposemwa.

Kwa hiyo kabla hujalipigania wala kulitupa, lijaribu hivi. Tafuta watu kadhaa katika kila mji ambako tawi linatarajiwa, watu wasiojua habari ya mpango wenu. Wapigie simu, usiwaandikie. Sema sentensi moja tu, kwa mfano "nguo zangu nimepeleka Takasi", usirudie, kisha mwombe kila mmoja akuandikie ujumbe wa jina alilosikia na afikirie ni biashara gani. Usimsahihishe. Ukipata "Takazi", "Takase" na "teksi" kwa wingi, ujue kila mteja atakayesimuliwa na rafiki yake atalitafuta kwenye simu na asiwapate. Fanya jaribio hilohilo kwa "Dobi Safi" na majina mengine mawili matatu. Utagundua kwamba majina yenye r na l zilizo karibu huchanganywa na watu wa sehemu fulani, na yenye dh, th au gh huandikwa kwa namna tofauti kila uendako. Jina refu nalo watu watalikata wenyewe, na kila mji utalikata kivyake. Waulize pia kama kwao neno hilo lina matumizi ya aibu au ni jina la utani. Swali hilo hujibiwa na mwenyeji peke yake, kamusi haitakusaidia.

Ukiona "Takasi" linasikika vibaya, kulibadilisha silabi moja kunaweza kutosha, au ukaamua kuanza upya. Sikuamulii hapo.

Jina likishavuka jaribio la sikio, linabaki swali la nani mwingine analo, na hapa watu wengi huishia kutafuta jina linalofanana herufi kwa herufi. Msajili na mahakama huangalia kama mteja wa kawaida anaweza kuchanganyikiwa, kwa macho, kwa masikio au kwa maana. Kwa hiyo "Takasi" unalitafuta pamoja na "Takaso", "Takassi", "Utakaso" na jamaa zao wote. Anzia kwenye daftari la alama za biashara la nchi yenu. Bidhaa na huduma zote zimepangwa katika makundi 45 yanayotumika karibu dunia nzima, na ufuaji wa nguo uko kundi la 37. Mkiwa na nia ya kuuza sabuni yenu wenyewe dukani, hiyo ni kundi la 3, nayo inahitaji kuangaliwa na kuombewa. Kisha pitia daftari la majina ya biashara, ramani za kwenye simu na kurasa za mitandao ya kijamii.

Baada ya hapo waombe wale wawili watembee kwenye miji yao na kuuliza, kwa sababu duka dogo lisilo kwenye daftari lolote linaweza kuwa na haki katika eneo lake. Kuna mfano maarufu wa Marekani. Katika mji wa Mattoon, jimbo la Illinois, familia moja ilikuwa na mgahawa wake mdogo ulioitwa Burger King, nayo haikuwa na uhusiano wowote na ile kampuni kubwa. Kampuni ilipoingia Illinois, kesi ikafika mahakama ya rufaa, na mwaka 1968 ikaamuliwa kwamba kampuni ina haki ya jina katika jimbo zima, isipokuwa ndani ya maili 20 kutoka mji huo. Huko familia ndiyo iliyokuwa na jina. Kwa kampuni kubwa, mji mmoja ni pengo dogo kwenye ramani. Kwenu ninyi, mwenye duka kama hilo akiwa kwenye mji wa mmoja wa wenzenu, nusu ya mpango wote imesimama. Sheria za nchi yako zinaweza kugawa haki hizo kwa namna nyingine, lakini kumgundua mtu wa namna hiyo kabla ya kuchora kibao hakuna gharama zaidi ya viatu.

Sasa mama.

Umesema alinyamaza, na wewe umekisoma kimya hicho kama maumivu. Huenda ni hivyo. Huenda pia anawaza jambo ambalo hakuna aliyemuuliza, kwamba watu asiowajua wataandika jina lake juu ya milango asiyoshika funguo zake. Hujui bado, na mimi pia sijui. Nakusihi usimuulize kama anakubali jina lake litumike au lisitumike, kwa sababu swali hilo humlazimisha achague kati ya heshima yake na biashara ya wanawe. Muulize hivi: "Mama, duka la mji mwingine likiunguza suti ya mteja, naye akazunguka mtaani akilalamika, ungependa ataje jina gani?" Halafu mwache afikirie.

Na yeye ajue anachoweza kupoteza. Ndugu wawili wa familia ya McDonald walipouza biashara yao mwaka 1961, waliuza na jina, kwa dola milioni 2.7. Mgahawa wao wa kwanza kabisa ulibaki mikononi mwao, lakini jina la ukoo wao hawakuruhusiwa tena kuliweka juu yake, wakauita The Big M. Mnunuzi akafungua McDonald's karibu nao, na hatimaye wa kwao ukafungwa. Ninyi hamuuzi leo. Lakini jina linalobeba matawi huwa mali inayoweza kuuzwa, kurithiwa, kugombaniwa, hata kuchukuliwa kwa deni, na aliyezaliwa nalo hupelekwa nayo.

Jina la mtu lina udhaifu mwingine pia. Kama ni la kawaida, wako wengi wanaolibeba, na sheria za nchi nyingi humruhusu mtu kufanya biashara kwa uaminifu kwa jina lake mwenyewe. Mwanamke mwingine mwenye jina la mama akianza kufua nguo karibu na tawi lenu, hamtamzuia kirahisi. Na yale maneno "wa Kona" yanasema kweli hapo tu mlipo. Mwenzenu akipata chumba katikati ya safu ya maduka, ama kibao kitadanganya, ama atabadilisha maneno, na tangu hapo kila tawi litakuwa na jina lake.

Wapo wanaokubali hatari hizo kwa sababu jina la mtu lina uso na hadithi nyuma yake, na watu huamini uso. Mkiifuata njia hiyo, mama awape ridhaa kwa maandishi, inayosema nani anamiliki alama, itumike kwa kazi gani, na nini kitatokea akifariki au biashara ikiuzwa. Ikiwezekana, ombeeni jina likiwa limeungana na neno jingine la pekee badala ya kulitegemea peke yake.

Njia ya katikati ni jina jipya kwa matawi yote, na hadithi ya mama ibandikwe ukutani katika kila duka: alianza lini, na mabeseni yake mawili. Duka la kwanza linaweza kubeba majina yote mawili kwa muda, jina jipya juu na jina la mama chini, mpaka wateja wazoee. Jambo moja tu niliweke mbele yako. Mkilibakiza duka lenu na jina la zamani moja kwa moja, na kuwakodisha wengine jina ambalo ninyi wenyewe hamlitumii, mtakuwa mnauza kitu ambacho hakijajaribiwa kwa mteja hata mmoja. Mpangaji wa jina aliye mwerevu atauliza kwa nini ninyi hamlitaki. Isitoshe, alama isiyotumika kwa miaka kadhaa, mara nyingi 3 au 5 kulingana na nchi, inaweza kuombewa ifutwe.

Nimemwacha yule mwenye haraka mpaka mwisho, ila simu yake ipigwe leo. Asichore kibao, na zaidi asisajili kampuni kwa jina lenu pamoja na mji wake. Anaweza kuwa na nia njema kabisa. Lakini siku mkataba utakapoisha, kampuni itakuwa yake, jina lenu likiwa ndani ya cheti chake, na ninyi ndio mtakaokwenda mahakamani kuomba alitoe. Kampuni yake aipe jina lake lolote, kisha mkataba useme kwamba kampuni hiyo inafanya biashara kwa jina lenu kwa ruhusa yenu. Jina la mji linaruhusiwa kibaoni, kwa maandishi madogo, ili mteja ajue yuko tawi gani. Halina haja ya kuingia kwenye usajili.

Fanya vivyo hivyo kwa vitu vinavyobeba jina bila kuonekana: kurasa za mitandao ya kijamii, alama ya duka kwenye ramani, anwani ya tovuti, na namba ya simu iliyoandikwa kibaoni. Vyote vifunguliwe na ninyi, na mwenye tawi apewe ruhusa ya kuvitumia. Nimeona mpangaji akiondoka na namba ya simu, na wateja wote wakamfuata, wakati mwenye jina amebaki na cheti. Na mkataba uwape haki ya kuingia tawini na kukagua kazi, kwa sababu katika nchi kadhaa mwenye alama anayeikodisha bila kusimamia ubora anaweza kuipoteza.

Kwa hiyo mpangilio ninaouona mimi, ambao unaweza kuupindua ukiona sababu, ni kuongea na mama kwanza, wewe na yeye tu, kisha majaribio ya simu, kisha utafutaji, kisha ombi la usajili, na jina lisitamkwe kwa wapangaji wapya mpaka ombi liwe limepokelewa na kupewa namba. Kama moja ya matawi hayo liko nchi nyingine, ombi la kwanza huwapa miezi 6 ya kuomba huko mkihesabiwa tarehe ileile ya mwanzo, mradi nchi zote mbili ziko kwenye Mkataba wa Paris wa kulinda mali ya viwanda, unaohusu pia alama za biashara. Kuhusu kaka, usiende kwake na "Takasi" mkononi. Nenda na majibu ya zile simu, yakiwemo ya "Dobi Safi" ambalo nalo ulijaribu, na muulize yeye angemjibu nini mwenye tawi siku "Dobi Safi Zaidi" inapofunguliwa upande wa pili wa barabara.